Somo: Kutunga mtihani na mwongozo wa kusahihisha kutoka kwenye slaidi za muhula

Sabalkheri wanajamii. Somo hili ni la wanaofundisha vyuoni huku kwetu Lamu, na mfano wetu ni kozi ya ikolojia ya mikoko. Mtihani ni wa mpangilio tuliouzoea: saa mbili, alama 70. Swali la kwanza ni la lazima na lina alama 30, kisha mwanafunzi huchagua mawili kati ya manne yaliyobaki, kila moja alama 20. Alama 30 nyingine zimeshapatikana kwenye majaribio ya muhula.

Hatua ya 1: Pima mada kwa saa, usipime kwa slaidi

Weka slaidi zote upande mmoja na ratiba ya mihadhara upande wa pili. Tuseme muhula ulikuwa na saa 36 za kufundisha na slaidi 300. Mada ya kutambua aina za mikoko ilichukua saa 6 lakini ina slaidi 96, kwa sababu kila picha ya jani, ua na tunda imepewa slaidi yake. Mada ya jinsi mikoko inavyohimili chumvi na matope ilichukua saa 9, na ina slaidi 40 tu.

Sasa jumlisha alama zote zilizo kwenye karatasi. Hapa wengi hukosea kwa kushika 70, ilhali karatasi inabeba alama 110, yaani 30 za lazima na 80 za maswali ya kuchagua. Kwa saa, mada ya kutambua aina inastahili 6/36 ya 110, kama alama 18, na ile ya kuhimili chumvi na matope kama 27 au 28. Ukifuata slaidi, ya kwanza itapata 35 na ya pili 15, na mtihani wa ikolojia utageuka kuwa mtihani wa kukumbuka picha.

Kila mada kubwa ipate angalau kipengele kimoja ndani ya swali la kwanza. Mada iliyofichwa katika maswali ya kuchagua peke yake inaweza kukwepwa na darasa zima.

Hatua ya 2: Toa swali kwenye slaidi pamoja na mwongozo wake

Hapa ndipo kazi ilipo, tusiende mbio. Slaidi inasema hivi: "Mchu: mizizi ya kupumulia, majani hutoa chumvi, chumvi huzuiwa mizizini." Mtunzi mwenye haraka ataandika: "Jadili jinsi mchu unavyohimili mazingira yake (alama 10)." Slaidi ina vidokezo vitatu, alama ni kumi. Mwanafunzi hajui aandike kiasi gani, na wasahihishaji wawili wakigawana karatasi, jibu lile lile litapata 4 kwa mmoja na 8 kwa mwingine.

Livunje swali, kila sehemu iwe na kitenzi kimoja na alama zake:

(a) Eleza jinsi mizizi ya mchu inavyopata hewa kwenye matope yaliyojaa maji. (alama 4)
(b) Eleza njia mbili ambazo mchu hutumia kukabili chumvi. (alama 4)
(c) Baada ya mvua kubwa, udongo ulioletwa na maji umefukia mizizi yote ya kupumulia. Miti ya mchu inakauka. Toa sababu. (alama 2)

Usiende sehemu nyingine kabla hujaandika mwongozo wa hii:

(a) Matope hayana oksijeni ya kutosha – 1. Mizizi huchomoza wima juu ya matope – 1. Ganda lake lina vitundu vya kuingizia hewa maji yakipwa – 1. Tishu zenye nafasi za hewa hupeleka oksijeni hadi kwenye mizizi iliyozikwa – 1.
(b) Chumvi nyingi huzuiwa – 1, mizizini wakati maji yanafyonzwa – 1. Iliyopenya hutolewa – 1, na tezi za majani, hata huonekana kama unga mweupe juu ya jani – 1. Akitaja njia bila kueleza, apate 1 kwa kila njia.
(c) Vitundu vya hewa vimezibwa – 1, hivyo mizizi ya chini inakosa oksijeni na kufa – 1. "Udongo umezidi" peke yake, 0.

Maneno "akitaja bila kueleza" na "0" yana thamani kuliko jibu lenyewe, kwa kuwa mabishano ya usahihishaji hutokea kwenye majibu nusu. Tena, kuandika mwongozo papo hapo kunafichua kasoro za swali. Ukishindwa kupata pointi nne halali za swali la alama nne, punguza alama, au ongeza linaloulizwa. Angalia pia sehemu moja isijibu nyingine: kama (a) ingesema "mizizi yenye vitundu vya hewa", alama ya kwanza ya (c) ingekuwa imegawiwa bure.

Pale ambapo pointi sahihi ni nyingi kuliko alama, andika "zozote 4, alama 1 kila moja, zisizidi 4", na uamue mapema: mwanafunzi akiorodhesha nane, zisomwe nne za mwanzo tu. Usipoamua, atakayemwaga kila anachokumbuka atamshinda anayejua.

Hatua ya 3: Fanya mtihani wako kwa saa

Dakika 120 kwa alama 70 ni kama dakika 1.7 kwa alama moja, basi sehemu (a) hapo juu ina dakika 7. Jibu kwa mkono, kwa sentensi kamili. Wewe unayejua majibu umalize ndani ya nusu ya muda. Ukipita hapo, karatasi ni ndefu. Kisha linganisha yale manne ya kuchagua. Likiwapo moja la kutaja tupu na mengine ni ya kufafanua, wote watalikimbilia hilo.

Hatua ya 4: Jaribu mwongozo kabla ya kusahihisha

Soma karatasi tano hivi bila kuandika alama. Majibu sahihi usiyoyatarajia yaingize kwenye mwongozo, halafu ufunge. Sahihisha swali moja kwa karatasi zote ndipo uende jingine, ili kipimo kisiyumbe.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Mokowe: Asalaam aleikum mwalimu. Nimerithi slaidi za mwenzangu aliyehama, na saa alizofundisha sizijui. Nifanyeje?*

Waalaikum salaam. Tumia muhtasari wa kozi uliopitishwa, huwa unaonyesha saa za kila mada. Halafu uliza wanafunzi wawili watatu daftari zao: mada iliyo kwenye slaidi lakini haimo katika daftari yoyote, usiitahini.

*Kutoka Faza: Na maswali ya hesabu? Mwanafunzi akikosea mwanzo, kila kitu kinaharibika.*

Tenganisha alama ya njia na alama ya jibu. Mfano: viwanja vitatu vya mita 10 kwa 10 vina miti 18, 25 na 20, tafuta miti kwa hekta. Kujumlisha na kugawa kwa tatu – 1. Wastani 21 – 1. Kuzidisha kwa 100, maana hekta ni mita za mraba 10,000 – 1. Jibu 2,100 – 1. Akijumlisha vibaya akapata wastani wa 20, kisha akaandika 2,000, amepoteza alama moja tu ya wastani. Andika "fuata kosa lake" kwenye mwongozo. Ila asiyezidisha kabisa hukosa zote mbili za mwisho.

*Kutoka Amu: Nikigundua katikati ya kusahihisha kwamba pointi fulani ni sahihi na haimo kwenye mwongozo?*

Iongeze, andika tarehe, kisha rudia swali hilo kwenye karatasi zote ulizokwisha kusahihisha. Ndiyo maana ya kwenda swali kwa swali, dada: unarudia swali moja, hurudii karatasi nzima.