Jinsi ya kuomba kibali cha kuteketeza majalada ya zamani ya ofisi

Mwongozo huu ni wa watu wa masjala katika ofisi za umma za Mwanza na wilaya za pembeni ya ziwa, ambao stoo zao zimejaa hadi mlango haufunguki vizuri. Kwa Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002, hakuna ofisi ya umma inayoruhusiwa kuteketeza kumbukumbu zake kwa uamuzi wake yenyewe. Kibali hutoka kwa Mkurugenzi wa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Ninyi mnaomba, na mkishakubaliwa mnateketeza mbele ya mashahidi.

Anza na jedwali la kutunza na kuteketeza kumbukumbu la taasisi yako. Ndilo linalotaja kila aina ya jalada, muda wa kulitunza na hatima yake, ama kuteketezwa ama kupelekwa nyaraka za taifa. Kama taasisi haina jedwali lililoidhinishwa, ombi lako la kwanza liwe la kutengenezewa jedwali, siyo la kuteketeza.

Kazi inayokosewa zaidi ni kuhesabu miaka. Muda hauanzi jalada lilipofunguliwa. Huanza lilipofungwa, na kwa majalada mengi hiyo ni tarehe ya folio ya mwisho. Tuchukue mfano wa hati za malipo za mwaka wa fedha 2014/15, na tuseme jedwali lako linataka zitunzwe miaka 7. Mwaka huo wa fedha uliisha tarehe 30 Juni 2015, kwa hiyo hesabu ya kawaida inaishia 30 Juni 2022. Lakini ukifungua jalada lenyewe unakuta barua ya mkandarasi ya Machi 2017 akidai salio lake. Sasa miaka 7 inakwenda hadi Machi 2024. Ukikuta pia hoja ya ukaguzi ambayo haijafungwa, au kesi iliyoko mahakamani, jalada hilo halihesabiwi kabisa mpaka jambo liishe. Ndiyo maana anayesoma majina ya juu ya majalada tu huharibu kazi.

Majalada binafsi ya watumishi yatenge pembeni mapema. Mtumishi anaweza kustaafu akiwa na miaka 60, halafu mjane au watoto wake wakaja baadaye kufuatilia mirathi, na ushahidi wa tarehe ya ajira uko humo tu.

Kisha tengeneza orodha: namba ya jalada, jina, tarehe ya kufunguliwa na ya kufungwa, kipengele cha jedwali kinacholihusu, na tarehe muda wake ulipoisha. Usiandike “majalada mchanganyiko, maboksi 12”. Orodha ya namna hiyo hurudishwa, kwa sababu hakuna anayeweza kuidhinisha asichokijua. Mpitishie mhasibu, mkaguzi wa ndani na mwanasheria waisaini. Majalada ya siri yawe na orodha yake, isiyochanganywa na ya masjala ya wazi.

Barua ya maombi isainiwe na mkuu wa taasisi, siyo mkuu wa masjala, na iambatishwe na orodha. Tegemea wataalamu wa Idara kutaka kuyaona majalada kabla ya jibu, kwa hiyo yapangeni kwa mfuatano wa orodha. Hapo ndipo baadhi huokolewa. Orodha ya abiria wa meli ni karatasi ya muda mfupi, ila orodha ya MV Bukoba iliyozama tarehe 21 Mei 1996 huwezi kuipima kwa kipimo hicho. Jedwali linajua aina ya karatasi, halijui kilichotokea siku ile. Ukikuta jalada la namna hiyo, liandikie maelezo mwenyewe kabla hujaulizwa.

Maji au ukungu si kibali. Stoo za karibu na ziwa hupata unyevu, na jalada lililolowa bado linaombewa kama mengine. Kadhalika, kulipiga skani hakukupi ruhusa ya kuchoma la asili.

Kibali kikifika, teketeza yaliyotajwa tu, kwa kuchoma au kusaga, mbele ya afisa kumbukumbu na angalau shahidi mmoja kutoka nje ya masjala. Kazi hii haiachiwi mfanya usafi, na karatasi haziuzwi kwa kilo. Ziko njia nyingi mno za karatasi ya ofisi kuishia sokoni ikifungia karanga huku jina na mshahara wa mtu vikisomeka. Chomeni hadi majivu, mkivunja mafungu, kwa sababu bunda lililofungwa huungua pembeni tu na katikati hubaki linasomeka.

Mwishoni jazeni hati ya uteketezaji: tarehe, mahali, njia iliyotumika, namba ya kibali na saini za mashahidi. Iambatishwe na ile orodha, nakala moja ipelekwe Idara, na ya ofisini isiwekewe muda wa kuteketezwa.