Nitumie picha ya ndani ya tangi la choo, ila usinipigie floteri peke yake

Jumamosi iliyopita mama mmoja wa mtaa wa Muhumba, hapa Bukavu, aliniandikia: «Papa fundi, choo yangu inaangusha maji usiku nzima.» Chini yake akaweka picha ya tangi limefunguliwa. Nikaona tufe la plastiki jeusi, fimbo ya shaba, na kishikio cha kubonyeza upande wa kushoto. Nikajisemea hiyo ni klape, kile kifuniko cha mpira kinachoziba tundu la chini, nao mpira umechoka. Nikapita soko la Kadutu, nikanunua klape, nikashuka nayo hadi kwake. Ilinigharimu mchana mzima, na klape yenyewe bado iko kwenye mfuko wangu wa vifaa. Nitaeleza nilipokosea, kwa sababu picha ile ile ilikuwa na jibu.

Kwanza tuelewane. Ndani ya tangi mna mitambo miwili isiyo ndugu. Mmoja unaingiza maji: ni robine yenye floteri, yaani boya. Mwingine unayaachia maji yaende kwenye bakuli: hiyo ndiyo shase yenyewe. Floteri ya aina yoyote inaweza kukaa pamoja na shase ya aina yoyote. Ukitambua floteri, shase bado hujaitambua.

Hatua ya 1: Picha tatu

Funga robine ndogo iliyo ukutani, vuta shase, kisha piga picha tangi likiwa tupu. Hapa Bukavu maji yanakatika mara nyingi, basi tumia nafasi hiyo. Picha ya kwanza ipigwe kutoka juu, tangi zima lionekane. Ya pili ioneshe sakafu ya tangi, katikati, ukiwasha taa ya simu. Ya tatu ioneshe mahali mkono wa ndani, ule unaoendeshwa na kishikio cha nje, unaposhikana na kitu kinachoinuliwa. Hii ya tatu watu wanaisahau siku zote, na ndiyo ninayoihitaji kuliko zote.

Weka kifuniko cha chupa ya bia au ya soda karibu na kitu unachopiga. Upana wake ni kama sentimita 3, nami nitakadiria vipimo vingine kutoka hapo. Kidole hakisaidii, sijui vidole vyako vina unene gani.

Tahadhari ya kifuniko cha tangi. Kama juu yake kuna kitufe cha kubonyeza au tirette ya kuvuta, usikinyanyue kwa nguvu. Fungua kwanza kitufe au kile kichwa cha tirette kwa kukizungusha kinyume cha saa. Nimeona vifuniko viwili vilivyopasuka kwa haraka hiyo, na kifuniko cha tangi la zamani hukipati peke yake dukani.

Hatua ya 2: Floteri

Tufe kwenye fimbo ndefu ni aina ya zamani. Kikombe kinachopanda na kushuka kwenye mnara wa plastiki ni aina ya sasa. Angalia pia bomba la maji linaingilia wapi: ubavuni mwa tangi au chini. Robine ya ubavuni haiwezi kuwekwa mahali pa robine ya chini. Uzi nao unatofautiana. Vifaa vya mtindo wa Kifaransa mara nyingi vina uzi wa 3/8, vya mtindo wa Kiingereza 1/2, na Bukavu vyote viwili vinauzwa kwenye meza moja. Hapo picha haitoshi, fungua nati uende nayo.

Ikiwa tangi lina maji na tufe limezama zaidi ya nusu, lichomoe ulitikise. Likilia maji ndani, limetoboka.

Hatua ya 3: Mkono wa ndani umeshika nini?

Hapa ndipo nilipopotea, kwa hiyo nitakaa.

Kishikio cha nje hakisemi kitu. Kinachosema ni kiungo kati ya mkono wa ndani na shase. Fuata mkono huo kwenye picha hadi ncha yake, kisha uangalie kinachoning'inia.

Ukikuta mnyororo mwembamba au uzi uliolegea, umeshika klape. Chini yake utaona kifuniko cha mpira kilicholala juu ya tundu la sakafu, na kando yake bomba lililosimama, wazi juu. Bomba hilo lina masikio mawili madogo, na klape imetundikwa kwenye masikio hayo. Bomba la wazi ni la maji yaliyozidi, litakuwa na kazi kubwa katika hatua ya 5.

Ukikuta kiungo kigumu, ndoano ya chuma au ya plastiki yenye umbo kama herufi C, iliyoingia kwenye tundu la ufito unaosimama, hiyo ni sifoni. Ndoano ile inainua ufito wenye sahani chini yake, nayo sahani inasukuma maji juu ya kona ya bomba lililopindwa kama U iliyogeuzwa. Maji yakishavuka kona, yanajivuta yenyewe mpaka hewa iingie kwa chini. Sasa sikiliza maana yake: kwenye sifoni hakuna mpira unaoziba tundu la sakafu. Ili maji yashuke, lazima yapande kwanza. Kwa hiyo mtu akiniambia sifoni yake «mpira wa chini umechoka», najua hatuzungumzii choo kimoja.

Shida ni kwamba kwenye picha iliyopigwa tangi likiwa limejaa, sifoni na klape vinafanana. Maji yanarudisha mwanga, sakafu haionekani, na ufito wa sifoni ukiuona kutoka juu unadhani ni bomba la wazi la klape. Ndicho kilichonidanganya Muhumba. Niliona kitu cha duara kimesimama karibu na ncha ya mkono, akili ikakamilisha mnyororo ambao haukuwepo.

Kama huwezi kupata picha nyingine, kuna maswali mawili na sauti moja.

Swali la kwanza: unabonyeza vipi? Klape inakubali kuguswa polepole. Sifoni inataka mkono wa nguvu na wa haraka; ukibonyeza kwa upole, maji yanatikisika tu na hayaendi.

Swali la pili: unabonyeza mara ngapi? Mtu akijibu «mara tatu, ya nne ndiyo inashika», karibu hakika ni sifoni ambayo ngozi yake ya plastiki, ile iliyo juu ya sahani, imechanika. Maji yanapita katikati ya sahani badala ya kupanda. Ngozi hiyo siioni dukani mara nyingi. Mimi nakata nyingine kwenye plastiki nene, nikifuata umbo la ile ya zamani. Ikiwa nyepesi kama mfuko wa sokoni, haidumu.

Kuhusu sauti: mwambie aweke simu juu ya tangi lililo wazi, arekodi, kisha avute shase. Sifoni inamaliza kwa kukoroma, kwa sababu inanyonya hewa mwishoni. Klape inamaliza kwa kugonga, «tap», mpira ukianguka kwenye tundu. Simu ikae juu ya tangi kweli kweli. Bakuli nalo hukoroma, na mkoromo wake umenidanganya mara moja.

Hatua ya 4: Kitufe au tirette

Hii ni rahisi. Hakuna mkono wa ndani, kuna mnara mnene katikati. Vitufe viwili maana yake maji kidogo na maji mengi. Minara mingi inatoka kwa kuizungusha robo na kuivuta juu, na mpira wake uko chini kabisa. Siipendi ile nyepesi inayouzwa bei rahisi, vitufe vinakwama ndani ya miezi. Kama una tirette ya zamani inayofanya kazi, badilisha mpira wake, uache mnara.

Hatua ya 5: Soma mstari wa maji ukutani

Tangi lolote lililotumika lina mstari ndani, wa kutu au wa uchafu mweupe, unaoonesha maji husimama wapi. Hata tangi likiwa tupu, mstari unabaki.

Mstari ukiwa sentimita 2 au 3 chini ya mdomo wa bomba la maji yaliyozidi, na bado maji yanashuka kwenye bakuli, tafuta kosa kwenye mpira wa shase. Ukiwa sawasawa na mdomo wa bomba hilo, shase haina hatia. Robine ya floteri haifungi, maji yanapanda na kumwagika ndani ya bomba. Sifoni nyingi za sasa zina njia hiyo ya kumwaga ndani ya mwili wake. Zile za zamani zinamwaga nje kupitia ukuta.

Basi turudi Muhumba. Nilipofika na klape yangu, nikafunga maji, nikavuta, tangi likakoroma. Nilijua hapo hapo. Nikaikuza ile picha kwenye simu: mstari wa kahawia ulikuwa umegusa mdomo wa sifoni, wazi kabisa, karibu na lile tufe nililokuwa nalitazama. Nikapinda fimbo ya shaba kidogo ili tufe lifunge mapema. Maji yakaendelea kuingia, uzi mwembamba usiokatika. Nikafungua robine, nikatoa kipande cha mpira kilicho kwenye pistoni. Kilikuwa kimechimbwa mfereji wa duara na mdomo wa robine, unauhisi kwa ukucha. Nikakigeuza upande wa pili, nikarudisha. Maji yakasimama.

Nilimwambia mama ukweli: kugeuza mpira ni dawa ya wiki chache, anunue mpya. Akauliza, «Na ile ulinunua Kadutu?» Nikamjibu hiyo ni ya kwangu, siyo yake.

Angalizo la vilima vyetu: robine inayofunga vizuri mchana inaweza kushindwa usiku, watu wakilala na nguvu ya maji kupanda, hasa mitaa ya chini karibu na ziwa. Picha ya mchana itaonesha kila kitu kiko sawa. Mstari ukutani ndio utakaokuonesha ya usiku.

Hatua ya 6: Kabla ya kununua

Chora duara kwenye picha kuzunguka kifaa kimoja tu unachotaka, kisha umtumie muuzaji. Kwa klape, pima tundu la sakafu: kuna ya inchi 2 na ya inchi 3, na ya 2 haizibi tundu la 3 hata ukiisukuma. Kwa sifoni nzima, uliza kwanza kama mwili wake unafunguka vipande viwili. Usipofunguka, itabidi tangi zima litolewe ili ufikie nati kubwa ya chini, na hapo uite mtu wa pili wa kulishika.