Somo: Kutengeneza jiko kwa awamu na kusoma devi tatu

Jiko letu hapa Kadutu, Bukavu, lina mita 3 kwa 4. Pesa haikutosha kwa mara moja, basi tukagawa kazi: kwanza mabomba na waya, kisha sakafu na karo, mwisho kabati. Utaratibu huo usiugeuze. Ukitanguliza karo, utakuja kuzivunja kwa ajili ya bomba.

Hatua ya 1: Orodha yako kwanza. Kabla ya kumwita fundi niliandika mita za bomba, idadi ya soketi, aina ya karo, na nani atabeba kifusi. Mafundi wote watatu walipewa karatasi ileile. Bila hiyo, kila mmoja anapigia hesabu jiko lake.

Hatua ya 2: Sawazisha devi. Zilikuja za dola 1,450, 1,900 na 2,300. Nyumbani wote walitaka ile ya kwanza. Nikakaa nazo mezani na kalamu, mstari kwa mstari. Ya kwanza haikuwa na bomba la maji machafu (180), waya (220) wala kifusi (90), kwa hiyo ni 1,940. Ya pili ilisahau kifusi tu: 1,990. Ya tatu ilikuwa na vyote, ila karo zake ni za dola 22 kwa mita ya mraba, wenzake 14. Kwa mita 13, pamoja na zitakazokatwa, punguza 104: inabaki 2,196.

Nilichukua ya pili. Imezidi kwa dola 50, lakini fundi ameandika urefu na unene wa kila bomba. Yule wa kwanza aliandika tu "mabomba, dola 300". Siku ya ugomvi, maneno hayo hayakusaidii.

Hatua ya 3: Pesa ya dharura. Usiweke asilimia moja kwa kazi nzima. Kilichofichwa ukutani ndicho kinachoshtua. Awamu ya kwanza ni dola 700, nikaweka asilimia 20, yaani 140. Kwa 1,290 zilizobaki, asilimia 10: 129. Fundi hakuambiwa.

Ukuta ulipofunguliwa, bomba la chuma lilikuwa limeliwa na kutu. Dalili tulikuwa nazo: maji ya asubuhi mekundu, robine ya jikoni dhaifu na ya uani ina nguvu. Kulibadilisha kulikula 115.

Maswali ya wanachama

*Mama wa Bagira:* Yaya, fundi anataka nusu ya pesa mbele. Nimpe?

Hapana, mama. Vifaa nunua mwenyewe, na kazi ilipe kwa vipande. Kipande cha mabomba nililipa baada ya kuyajaza maji, kuyafunga na kuyaacha usiku kucha. Asubuhi nilipitisha mkono mkavu kwenye kila kiungo, kabla ya plasta.

*Kijana wa Ibanda:* Tukisimama miezi minne baada ya awamu ya kwanza?

Ziba mdomo wa bomba la maji machafu, harufu na mende hupandia humo. Halafu piga picha ukuta kabla haujafunikwa, ukiwa umeuwekea mita ya kupimia. Atakayetundika kabati ajue wapi asitoboe.