Kuficha ujumbe kwa biki na kaye: uzio wa reli na safu wima

Huwa nafundisha fumbo hizi mbili Jumamosi, hapa Bukavu, kwa wanafunzi wachache wa sekondari wanaopenda hesabu. Vifaa ni kaye yenye miraba, kreyo na biki. Kreyo ni ya kuchora, biki ni ya kuandika herufi ukishakuwa na uhakika.

Fumbo zote mbili zina tabia moja: hazibadilishi herufi, zinazihamisha tu. K inabaki K, ila haikai tena mahali pake. Ujumbe tutakaoutumia ni huu:

KESHO TUKUTANE KADUTU SAA NANE

Kabla ya kitu chochote, toa nafasi kati ya maneno, kisha hesabu herufi. Ni 26. Iandike namba hiyo pembeni mwa karatasi na uizungushie duara, maana bila hiyo hakuna kusimbua. Karibu makosa yote ninayoyaona Jumamosi yanatokana na mtu aliyeruka kuhesabu.

Uzio wa reli

Chora mistari mitatu ya miraba, kila mmoja una miraba 26. Andika herufi ya kwanza juu, ya pili katikati, ya tatu chini, kisha panda tena: katikati, juu, katikati, chini. Kila herufi inachukua safu yake peke yake.

```
K...O...U...E...U...A...N.
.E.H.T.K.T.N.K.D.T.S.A.A.E
..S...U...A...A...U...N...
```

Sasa soma reli ya juu yote, halafu ya katikati, halafu ya chini. Juu kuna herufi 7, katikati 13, chini 6. Jumla 26, kwa hiyo hakuna iliyodondoka. Gawa katika mafungu ya herufi tano tano ili anayenakili asipotee:

KOUEU ANEHT KTNKD TSAAE SUAAU N

Anayepokea anaanza na hesabu pia. Mafungu matano na herufi moja ni 26. Anachora njia ileile ya kupanda na kushuka, ila anaweka nukta mahali pa herufi, mpaka nukta ya 26. Nukta za reli ya juu ni 7, basi herufi 7 za kwanza, KOUEUAN, zinaingia pale kutoka kushoto. Za katikati ni 13, anaweka zinazofuata. Sita zilizobaki zinakwenda chini. Kisha anaifuata njia kwa kidole, akipanda na kushuka: K, E, S, H, O.

Kuna kanuni za kukokotoa urefu wa kila reli bila kuchora, lakini mimi sizifundishi. Nukta zinachukua dakika moja na hazidanganyi.

Kiswahili kinavyoutoboa uzio

Tazama tena ujumbe uliofichwa, utafute mahali paliposongamana konsonanti. Utaona HTKTNKDTS: konsonanti tisa mfululizo bila irabu hata moja. Upande mwingine, mwishoni kuna UAAU: irabu nne mfululizo. Hiyo si bahati mbaya.

Maneno yetu mengi huenda konsonanti-irabu, konsonanti-irabu: tu-ku-ta-ne, ka-du-tu. Maana yake herufi zilizo kwenye namba shufwa huelekea kuwa za aina moja, na zilizo kwenye namba witiri za aina nyingine. Njia ya uzio nayo, iwe na reli mbili, tatu au tano, kila mara inaiweka herufi ya shufwa kwenye reli za shufwa na ya witiri kwenye reli za witiri. Matokeo yake reli moja inajaa irabu, nyingine inajaa konsonanti. Jaribu TUKUTANE kwa reli mbili uone: juu TKTN, chini UUAE. Mtoto yeyote atajua kuna kitu.

Ni SH ya KESHO na AA ya SAA tu ndizo zinazovuruga mpangilio huo, kwa sababu pale konsonanti mbili au irabu mbili zinafuatana. Ndiyo maana reli yetu ya katikati inaanza na E, inajaa konsonanti, kisha baada ya S inageuka kuwa AAE. Mtu makini anaweza hata kukisia mahali neno kama SAA lilipo.

Hata bila kuona hayo, mwenye subira ataufungua uzio. Kwa herufi 26 reli haziwezi kuwa chini ya 2 wala kuzidi 25, yaani majaribio 24, na kwa kawaida jibu linatokea katika yale matatu ya mwanzo.

Safu wima zenye neno la ufunguo

Hapa ndipo fumbo linaanza kuwa na meno. Chagua neno la ufunguo ambalo wewe na mwenzako mtalikumbuka bila kuliandika. Mimi natumia SAMBAZA, kwa sababu ya samaki wadogo wa ziwa Kivu ambao kila mtu hapa anawajua, na kwa sababu ndiyo kazi yenyewe tunayoifanyia herufi.

Andika ufunguo juu, kila herufi kwenye mraba wake. Chini yake weka namba kwa kufuata alfabeti. Herufi ikijirudia, ya kushoto inatangulia. SAMBAZA ina A tatu, basi zinakuwa 1, 2, 3 kutoka kushoto. B ni 4, M ni 5, S ni 6, Z ni 7. Kisha jaza ujumbe mstari kwa mstari, kama unavyoandika barua:

```
S A M B A Z A
6 1 5 4 2 7 3
-------------
K E S H O T U
K U T A N E K
A D U T U S A
A N A N E
```

Mstari wa mwisho umeishia kwenye safu ya tano. Uache hivyo. Watu wengi hupenda kuziba pengo kwa X, na kwa Kiswahili huo ni ushamba: X haimo katika maneno yetu, kwa hiyo kila X inasema kwa sauti "hapa ndipo safu inapoishia". Ukilazimika kuziba, tumia herufi za kawaida.

Sasa soma safu kwa kufuata namba, kutoka juu kwenda chini. Safu ya 1 ni EUDN, ya 2 ONUE, ya 3 UKA, ya 4 HATN, ya 5 STUA, ya 6 KKAA, ya 7 TES. Ziunganishe, ugawe tano tano:

EUDNO NUEUK AHATN STUAK KAATE S

Hesabu tena: 26.

Kusimbua, na shimo linalowanasa wengi

Mpokeaji anayo maandishi haya na neno SAMBAZA. Anagawa 26 kwa 7: inaingia mara 3, inabaki 5. Kwa hiyo kuna mistari mitatu iliyojaa na mmoja wenye herufi 5. Safu tano zina herufi 4, safu mbili zina herufi 3.

Zipi ndizo fupi? Hapa ndipo karibu nusu ya darasa langu huanguka. Wanasema: tano za kwanza kwa namba ni ndefu, kwa hiyo 6 na 7 ni fupi. Hapana. Mtumaji alijaza mistari kutoka kushoto, basi pengo liko kulia mwa jedwali. Fupi ni safu mbili za mwisho *kama neno lilivyoandikwa*: ile ya Z, yenye namba 7, na A ya mwisho, yenye namba 3.

Kwa hiyo kabla ya kugusa herufi hata moja, chora jedwali, andika ufunguo na namba, kisha uzibe kwa kreyo miraba miwili ya mwisho kulia chini. Ndipo uanze kukata: chini ya namba 1 weka herufi nne, EUDN, chini ya 2 nne, ONUE, chini ya 3 tatu tu, UKA, kwa sababu mraba wake wa nne umezibwa. Endelea hivyo mpaka 7, kisha soma mistari.

Jumamosi moja mwanafunzi aliniletea karatasi yake na kusema, "Mwalimu, ufunguo umekosewa." Jedwali lake lilikuwa hivi:

```
S A M B A Z A
6 1 5 4 2 7 3
-------------
K E T A O T U
A U U T N E K
A D A N U S A
. N K S E . H
```

Nikamwambia asome mstari wa kwanza kwa sauti. KETAOTU. Siyo neno, lakini KE ipo, OTU ipo. Ufunguo ungekuwa si wenyewe, safu zingekaa ovyo na vipande kama hivyo visingejitokeza mahali pake. Vikionekana, huku katikati kumeharibika, shuku urefu wa safu. Na ushahidi mkubwa uko mstari wa mwisho: kuna shimo mwanzoni kabisa, chini ya S. Nani anaandika mstari kwa kuanza kuruka mraba? Akafuta, akaziba miraba ya kulia, na KESHO ikatoka.

Dalili ya kosa jingine ni hii: mafungu ya mwanzo yanakaa sawa na safu zote zinazofuata zimesogea hatua moja. Hapo herufi imedondoka wakati wa kunakili, na jumla haitafika 26.

Kwa nini herufi saba, siyo sita

Jina la mji wetu, BUKAVU, lina herufi sita, na wengi hulichagua. Mbali na kwamba ndilo jirani atakalolijaribu kwanza, lina ubaya uleule wa uzio. Katika safu, herufi ya chini iko mbele ya ile ya juu kwa idadi ya safu zote. Idadi ikiwa shufwa, konsonanti inakaa chini ya konsonanti na irabu chini ya irabu. Ujumbe wetu ukiupanga kwa safu sita, safu ya nne inaanza HTD, ya tano OAU, ya sita TNT. Anayeona hivyo anajua upana wa jedwali ni shufwa, na kazi yake imepungua nusu. Kwa safu saba, aina zinapishana: HAT, UKA, ONU. Chagua ufunguo wa herufi tano, saba au tisa.

Safu saba zinaweza kupangwa kwa njia 5040, nyingi kwa biki lakini chache kwa kompyuta. Majasusi wa Uingereza katika Vita Kuu ya Pili walilirudia zoezi hili mara mbili, matokeo ya jedwali la kwanza yakiingizwa katika la pili, na funguo walizitoa kwenye maneno ya shairi walilolihifadhi kichwani.

Hili nakuachia. Ufunguo ni CHAKULA, herufi ni 20, na safu moja tu ndiyo fupi:

TZBML LBOEA MAAIA IISKL