Barua pepe ya maombi ya kazi kwa maandishi matupu: jihadhari na ritifaa

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia kijana mmoja aliyekuja kwenye saiba yangu hapa Kisumu akiwa na jibu la barua pepe alilolipata kutoka kwa kampuni aliyoiomba kazi ya ukarani wa ghala. Afisa aliyemjibu alimwomba atume upya, na chini ya jibu lake barua ya kijana ilionekana kama mfumo wao ulivyoipokea:

```
Ng’iya, Siaya, 2019 – 2021
```

Kijana alikuwa ameandika Ng'iya, mahali alipofanyia kazi, pamoja na miaka yake miwili. Mtambo unaochuja maombi ukitafuta jina hilo au kipindi hicho hauwezi kuvipata katika mchafuko huo.

Hatua ya 1. Andika barua katika Notepad, wala si katika Word. Mimi sitaki hata rasimu ianzie Word, kwa sababu nitakazozieleza.

Hatua ya 2: safisha alama. Hapa ndipo nilipopoteza alasiri nzima. Niliamini, kama wengi wanavyoamini, kwamba ukinakili maandishi kutoka Word na kuyabandika Notepad yanakuwa yametakasika. Kweli, herufi nzito, rangi na majedwali huondoka, lakini alama zenyewe hubaki. Unapochapa ritifaa katika Word, programu huibadilisha kimyakimya kuwa ritifaa iliyopinda, na kistari chenye nafasi pande zote mbili, kama kile cha kati ya miaka, hukirefusha. Machoni tofauti ni ndogo mno. Ndani ya kompyuta, hata hivyo, ritifaa iliyonyooka ni baiti moja, ilhali iliyopinda huhifadhiwa kwa baiti tatu katika UTF-8, utaratibu wa kuhifadhi herufi unaotumiwa sana siku hizi. Mfumo wa zamani unaosoma kila baiti kama herufi moja huzionyesha hizo tatu kuwa `’`. Sisi tunaoandika majina yenye ng' huumia zaidi, kwa kuwa ritifaa hiyo ni sehemu ya jina lenyewe.

Nilijaribu pia kuhifadhi faili kwa `ANSI`, nikitumaini kwamba Notepad ingenionya kuhusu alama ngeni. Haikunionya, kwa sababu ritifaa iliyopinda na kistari kirefu vimo katika orodha ya herufi za Windows zinazotumiwa na `ANSI`. Njia iliyofaulu ni hii: nakili ritifaa moja iliyopinda kutoka kwenye barua yako, bonyeza `Ctrl+H`, ibandike katika kisanduku cha juu, kisha katika cha chini uchape ritifaa ukiwa hapohapo Notepad, na ubadilishe zote kwa pamoja. Rudia kwa alama za kunukuu za kufungua na za kufunga, kwa kistari kirefu, na kwa vidoti vya orodha, ambavyo mimi huweka kistari kifupi mahali pake. Mwenye Linux hupata mistari iliyobaki na alama ngeni kwa amri hii:

```
grep -nP '[^\x00-\x7F]' barua.txt
```

Usisahau kichwa cha barua. Alama ngeni ikiingia humo, kichwa husafirishwa kikiwa kimefumbwa, na simu ya zamani isiyoweza kukifumbua huonyesha kitu kinachoanza na `=?UTF-8?`.

Hatua ya 3: panga mistari. Usitumie tabo wala nafasi nyingi kutengeneza safu mbili, kwa maana kwenye kioo chembamba cha kabambe safu ya pili huangukia chini ya ya kwanza na tarehe hutengana na kazi yake. Kila taarifa iwe na mstari wake mfupi:

```
Kazi: Karani wa ghala
Mahali: Ng'iya, Siaya
Muda: 01/2019 - 06/2021
```

Aya za kawaida ziache ziwe fupi, na utenganishe kila moja kwa mstari mtupu. Gmail hukata mistari ya maandishi matupu karibu na herufi ya 78, hivyo aya ndefu kwenye simu ndogo huonekana zimekatikakatika.

Hatua ya 4. Fungua Gmail kwenye kompyuta, kwa kuwa programu yake ya simu haina chaguo tunalolihitaji. Katika dirisha la barua mpya, bonyeza nukta tatu zilizo chini, uchague `Plain text mode`, ndipo ubandike.

Hatua ya 5. Jitumie mwenyewe kwanza. Ukiipokea, bonyeza nukta tatu za barua hiyo, uchague `Show original`, na utazame mambo mawili. Panapotajwa `Content-Type` pawe na `text/plain`; ukiona `multipart/alternative`, hatua ya 4 haikushika. Kisha tafuta `=E2=80`, ambayo mara nyingi ndiyo sura ya alama zilizopinda zinapokuwa safarini. Kwa yule kijana niliikuta mara moja, katika sahihi yake, ambayo Gmail huiongeza yenyewe na ambayo alikuwa ameinakili kutoka Word zamani. Tuliichapa upya, tukajitumia tena, na ndipo akaituma kwa kampuni.