Kalkuleta inasema 17.7165, tepu ina vimistari: jinsi ya kuigeuza desimali kuwa sehemu

Wale mnaoishi Marekani mnajua shida hii, una shelfu ya sentimita 45 kwenye mchoro, unagawa kwa 2.54 kupata inchi, simu inakupa 17.7165, halafu ukiangalia tepu hakuna nukta saba popote, ni vimistari tu. Wengi wanaandika 7165 juu ya 10000 kama tulivyofundishwa shule wanaanza kurahisisha, lakini hata ukimaliza, sehemu yako haitakuwepo kwenye tepu.

Anza na kifaa chako. Tepu nyingi za inchi zimegawanya kila inchi mara 16, kwahiyo namba ya chini ya sehemu yako ni 16, basi. Weka ile 17 pembeni, chukua kilichobaki baada ya nukta, 0.7165, zidisha kwa 16, unapata 11.46. Iliyo karibu ni 11, kwahiyo ni inchi 17 na 11/16. Ikitoka namba shufwa unarahisisha, mfano 12/16 ni robo tatu. Na iliyo karibu ikiwa 16, kama kwenye 2.97, usiandike 2 na 16/16, hiyo ni 3.

Kuhakikisha, gawa 11 kwa 16, inakuja 0.6875. Tofauti na 0.7165 ni 0.029 ya inchi, kama milimita 0.7 hivi, kwa shelfu moja haina neno.

Ila hapa ndo watu wanaharibu mbao: wanageuza kwanza halafu wanazidisha. Sema unataka vipande 5 vipangwe kwa mstari mmoja. Ukizidisha 17 na 11/16 mara 5 unapata 88 na 7/16. Ukizidisha desimali kwanza unapata 88.5825, ukiigeuza ni 88 na 9/16. Hapo umeshapishana thumuni ya inchi, zaidi ya milimita 3, na pengo la hivyo linaonekana kwa macho. Kwahiyo hesabu zote fanya kwenye desimali, geuza mwisho kabisa.

Jikoni njia ni ileile ila namba ya chini inabadilika, maana vikombe vya kupimia vinakuja vya nusu, robo na theluthi. Kwa 1.75, weka 1 pembeni, zidisha 0.75 kwa 4 unapata 3 kamili, yaani kikombe kimoja na robo tatu. Lakini ukipunguza resipi ya vikombe 2 na nusu iwe theluthi mbili yake, inatoka 1.6667, hapo 4 inakupa 2.67, haikai vizuri, ukiilazimisha kuwa 3 utaweka robo tatu na unga utazidi. Jaribu 3: inakuja 2, kwahiyo ni kikombe kimoja na theluthi mbili. Ukiona 33, 66 au 67 baada ya nukta, anza na 3 moja kwa moja.