Jinsi ya kumchora mtoto sura ya paka: masikio, pua na sharubu

Wengi wanaochora watoto kwenye besdei wanapiga sharubu nyeusi moja kwa moja kwenye ngozi, halafu kwenye picha hazionekani. Kwenye ngozi zetu mstari mweusi unapotea, kwahiyo huyu paka anategemea nyeupe unayoweka chini.

Rangi iwe ile ya kuchorea uso inayoyeyuka kwa maji. Rangi ya kuchorea karatasi hapana, na piko nyeusi ndo kabisa usiguse, mara nyingi ina PPD, kemikali ya rangi za nywele, inaweza kumtoa mtoto malengelenge. Siku moja kabla mpake kidogo ndani ya mkono, ikiwasha au ikivimba acha. Mwenye kidonda au upele usoni usimchore.

Kwanza mfute jasho na mafuta, maana juu ya mafuta rangi inateleza. Lowesha sponji, ikamue mpaka isidondoshe maji, chukua nyeupe, gongagonga kuanzia kati ya pua na mdomo ukienda pembeni mpaka katikati ya mashavu. Usisugue, ukisugua inatoka mabakamabaka. Ikikauka rudia mara ya pili, nyembamba tu, nene inapasuka akicheka.

Masikio yanakaa kwenye paji la uso. Kila moja ni pembetatu, inaanzia katikati ya nyusi ya upande wake inapanda karibu na nywele inashuka mwisho wa nyusi. Jaza nyeupe, katikati weka pinki. Uzuri wa kuyaweka hapo juu ya nyusi, mtoto akizipandisha masikio nayo yanacheza, na watoto wakigundua hilo hawaachi!

Sasa subiri. Nyeupe ikiwa bado inang'aa haijakauka, ukiweka nyeusi hapo zinachanganyika unapata kijivu. Gusa na mgongo wa kidole, kikitoka kisafi endelea.

Nyeusi ikoroge iwe nzito kama wino, ikiwa maji sana inachuruzika. Zungushia masikio, kisha paka ncha ya pua tu, matundu yaache wazi, shusha mstari mmoja mfupi uishie juu ya mdomo, usiguse lipsi, atalamba. Mwenye mafua mruke pua, mchoree sharubu tu, la sivyo akipenga kamasi rangi yote inaenda.

Sharubu ndo za mwisho. Mwambie afunge mdomo asicheke, shika kidevu kwa mkono mwingine, weka brashi nyembamba karibu na pua, kandamiza kidogo, vuta haraka kwenda nje huku unainua, mstari unaanza mnene unaisha mwembamba. Ukivuta polepole unatetemeka. Tatu kila upande zinatosha, ziishie ndani ya ile nyeupe. Ukikosea usifute na maji, utaondoa na ya chini, acha ikauke uigongee nyeupe juu.

Kila mtoto na sponji yake, brashi ioshe kabla ya mwingine. Kutoa ni sabuni laini na maji ya uvuguvugu, asilale nayo.